Wasifu Mmoja, Rasimu Mbili

Mshairi anayechapisha diwani yake ya kwanza huandika maelfu ya maneno kuhusu mapenzi, mauti, bahari na dunia, kisha siku moja mchapishaji humwomba maneno mia moja kuhusu nafsi yake, na hapo kalamu hukwama. Maneno hayo mia moja ndiyo yatakayokaa nyuma ya jalada. Yatasomwa na mtu aliyesimama dukani kabla hajaamua kutoa fedha, na yatasomwa na mwalimu anayetafuta shairi la kufundishia. Yakishapigwa chapa hayafutiki mpaka toleo la pili, na diwani nyingi za Kiswahili hazilioni toleo la pili.

Mwaka jana mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu na mshairi, aliniletea rasimu mbili za wasifu wake. Mchapishaji alikuwa amempa siku kumi na ukomo wa maneno 100. Ya kwanza aliiandika usiku mmoja, kwa mtiririko wa moyo. Ya pili aliiandika baada ya mwenzake kumwambia kwamba ya kwanza haikufaa mtu mzima. Aliniuliza: “Mwalimu, ipi iende?” Kwa ruhusa yake ninaziweka hapa zote mbili. Jina lake nimelificha, na mahali pake nimeandika Fulani.

Hii ndiyo rasimu ya kwanza, ambayo nitaiita ya bashasha:

> Mimi ni mtoto wa Pangani, niliyelelewa na bibi. Bibi yangu hakujua kusoma wala kuandika, lakini kila alipotwanga aliimba, na mimi nilikaa pembeni mwa kinu nikihesabu mapigo ya mchi. Hapo ndipo nilipojifunza mizani kabla sijalijua neno mizani. Sasa na mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, na darasani kwangu hakupiti wiki bila shairi. Mimi si mtaalamu. Najaribu tu kuandika yale moyo unayonituma. Baadhi ya mashairi ya kitabu hiki nimeyachota kwa bibi, Mungu amrehemu. Ninaishi Tanga na mume wangu, watoto wetu wanne na paka mmoja mvivu. Karibu unisome, na ukiona kosa unisamehe.

Na hii ni ya pili, ambayo nitaiita rasmi:

> Bi. Fulani binti Fulani alizaliwa Pangani, mkoani Tanga, mwaka 1973. Alitunukiwa cheti cha ualimu wa Daraja la A mwaka 1995 na stashahada ya elimu mwaka 2009. Amekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 28, ambapo amefundisha somo la Kiswahili na kusimamia maandalizi ya ngonjera. Mashairi yake yamekuwa yakichapishwa magazetini na kusomwa redioni tangu mwaka 1998. Ni mshairi wa mapokeo anayezingatia kanuni za vina na mizani, ambaye kazi zake zinajadili masuala mbalimbali ya kijamii, kiuchumi na kiutamaduni. Diwani hii, yenye mashairi 64, ni kazi yake ya kwanza kuchapishwa kama kitabu. Ameolewa na ana watoto wanne.

Msomaji wa ukurasa huu huenda tayari amekwisha kuchagua. Wengi niliowasomea walichagua upesi, na kila mmoja alichagua kwa ladha: wapenda simulizi walikwenda kwa bashasha, wapenda taratibu walikwenda kwa rasmi. Lakini ladha ya kwanza ni hakimu mwenye haraka. Kabla ya kulinganisha toni, ni lazima kuuliza kama vitu viwili vinavyolinganishwa vinasema habari ileile.

Nilichukua karatasi, nikaigawa safu mbili, nikaandika kila habari peke yake bila pambo. Rasimu ya bashasha ilitoa habari nane: asili yake ni Pangani, alilelewa na bibi, bibi hakusoma lakini aliimba akitwanga, mizani alijifunzia hapo, ni mwalimu wa watoto, kila wiki darasani kuna shairi, baadhi ya mashairi yametoka kwa bibi, anaishi Tanga na familia. Rasimu rasmi ilitoa tisa: mahali na mwaka wa kuzaliwa, cheti, stashahada, miaka 28 ya kufundisha, ngonjera, magazeti na redio tangu 1998, ushairi wa mapokeo, mashairi 64 na kitabu cha kwanza, ndoa na watoto. Zilizokutana katika safu zote mbili zilikuwa tatu tu: Pangani, ualimu wa watoto, na familia.

Hapo ndipo jambo lilipobainika. Hazikuwa rasimu mbili za wasifu mmoja. Zilikuwa wasifu wa watu wawili: mmoja ni mjukuu anayeimba, asiye na kazi yoyote iliyowahi kuchapishwa, mwingine ni mtumishi wa miaka 28 asiye na bibi. Mwandishi alipobadili sauti alibadili na habari bila kukusudia, kana kwamba bibi haruhusiwi kuingia katika lugha rasmi, na redio haina nafasi katika lugha ya moyo. Yeyote mwenye rasimu mbili za namna hii aanze na safu hizo mbili. Ukiona habari zilizokutana ni chache, usichague rasimu bado. Chagua kwanza habari, kisha uziandike zilezile kwa toni mbili. Baada ya hapo ndipo utakapokuwa ukilinganisha toni.

Neno wasifu lenyewe linatuhadharisha. Lina shina moja na neno sifa, na katika Kiswahili sifa ina maana mbili: hali ya kitu kilivyo, na maneno ya kukitukuza. Wasifu unahusu maana ya kwanza. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad, alitueleza mwimbaji yule alikotoka na njia aliyopita, na utukufu ulikuja kwa kuyajua hayo. Wasifu unatofautiana pia na wasifukazi, yaani ile orodha ya elimu na ajira tunayoambatisha kwenye barua ya kuomba kazi. Wasifukazi hutaka kila kitu. Wasifu mfupi wa mwandishi hutaka yale tu yanayomsaidia msomaji kukisoma kitabu. Rasimu rasmi ya mwanafunzi wangu ilikuwa na harufu ya wasifukazi: stashahada ya mwaka 2009 ni jambo la heshima, lakini haimwambii mnunuzi lolote kuhusu mashairi yaliyomo.

Habari zikishachaguliwa, toni inajengwaje? Watu wengi hudhani bashasha hutokana na maneno matamu na urasmi hutokana na maneno mazito. Katika Kiswahili sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na viambishi vidogo ambavyo jicho huvipita.

Cha kwanza ni nafsi. Rasimu ya bashasha imejaa ni-, na ya rasmi imejaa a-. Nafsi ya kwanza humketisha msomaji mkekani pamoja na mwandishi, lakini ina sharti moja: anayesema lazima awe ndiye mwenyewe. Siku ya uzinduzi, mshereheshaji akipewa rasimu ile na kusimama mbele ya watu akasema “mimi ni mtoto wa Pangani, niliyelelewa na bibi,” ukumbi utacheka. Nafsi ya tatu hubebeka: mshereheshaji huisoma, mwandishi wa gazeti huinakili, mwalimu huiandika ubaoni. Ina upungufu wake pia. Kiambishi a- hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Katika rasimu rasmi, ukiondoa “Bi.” na “binti”, hakuna kinachotangulia neno “ameolewa” katika mstari wa mwisho kinachotujulisha kwamba mshairi ni mwanamke. Wapo watakaosema haidhuru. Katika diwani ambayo robo yake ni mashairi ya unyago, kilio na kisima, inadhuru.

Cha pili ni njeo, na hapa pana siri ambayo napenda walimu wenzangu waitazame. Rasimu rasmi inapanga matukio kwa -li- na -me-: alizaliwa, alitunukiwa, amekuwa, yamekuwa. Kila tukio linasimama peke yake kama kigingi, na kati ya kigingi na kigingi hakuna kamba. Sasa chukua kiambishi -ka-: “alizaliwa Pangani, akalelewa na bibi.” Hatujaongeza neno tamu hata moja, na bado tuko katika nafsi ya tatu, lakini sentensi imekwisha kuwa hadithi, kwa sababu -ka- hulifanya tukio la pili litoke tumboni mwa la kwanza. Ndiyo njeo ya ngano, ambayo kila mtoto wa Kiswahili aliisikia kabla hajalala. Mwandishi anayetaka kuipasha moto rasimu rasmi bila kuivua kanzu aanze hapo. Asitumie mara nyingi, moja au mbili zinatosha, maana zikizidi wasifu hugeuka masimulizi ya “akaenda, akafika, akakaa.”

Cha tatu ni kauli ya kutendwa. “Alitunukiwa cheti” ni kauli ya mahafali. Inafaa shahada na tuzo. Kwa cheti cha ualimu, “alipata” au “alihitimu” hutosha. Kutunukiwa, kuteuliwa, kuaminiwa na kukabidhiwa, vikirundikwa katika wasifu mfupi, humfanya mtu aonekane kama mzigo uliokuwa ukipokezanwa na wengine. Mtunga mashairi ni mtendaji. Amefundisha, ameandika, amekusanya.

Cha nne ni majina ya jamaa. “Bibi” katika rasimu ya bashasha ni neno la nyumbani, na nyumbani halina utata. Kitabu, hata hivyo, kinavuka mipaka. Msomaji wa bara nchini Tanzania ataelewa mama wa mzazi. Msomaji wa mwambao anaweza kuelewa mwanamke yeyote wa heshima, au hata mke. Msomaji wa Kenya amezoea kumwita mzee huyo nyanya, neno ambalo Mtanzania atalitafuta sokoni. Tiba yake ni fupi: “bibi yake mzaa mama.” Maneno mawili yaliyoongezwa yamemfungia mlango mke na mwanamke yeyote, yametueleza ukoo, na hayajapunguza joto.

Mpaka hapa utaona kwamba lawama zangu zimeielekea zaidi rasimu rasmi. Lakini dosari iliyokuwa kubwa kuliko zote niliikuta katika ile tamu. Ni sentensi hii: “Baadhi ya mashairi ya kitabu hiki nimeyachota kwa bibi.” Ukiisoma kwa sauti, moyo unalainika. Ukiuliza maana yake, hupati jibu. Kuchota ni kuchukua maji kisimani kwa kata yako mwenyewe. Je, mshairi alichota hisia, au maudhui, au viitikio, au mashairi mazima? Nilimwuliza. Alinyamaza kidogo, kisha akachukua mswada na kuanza kuhesabu. Mashairi mawili yalikuwa ya bibi kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, naye aliyaandika kama alivyoyasikia. Mengine matano aliyatunga mwenyewe juu ya viitikio alivyoviokota pale kinuni. Yaliyobaki, 57, yalikuwa yake kabisa.

Hilo si jambo la toni tena. Ni jambo la haki. Katika rasimu rasmi bibi hakutajwa, kwa hiyo mashairi yote 64 yalikuwa ya mjukuu. Katika rasimu ya bashasha bibi alitajwa kwa upendo, akaombewa rehema, na bado mashairi yote 64 yalibaki ya mjukuu. Urasmi ulimfuta kwa kunyamaza. Bashasha ilimfuta kwa sukari. Mwanamke aliyetunga bila kuandika alikuwa akielekea kupotea mara ya pili, safari hii mikononi mwa mtu aliyempenda. Tangu siku ile, nikipewa rasimu yenye joto, huzitafuta kwanza sentensi zake tamu kuliko zote na kuziuliza: kitenzi hiki kinasema nini hasa? “Nimechota,” “nimeongozwa na,” “nimebeba sauti ya,” “nimesimama mabegani mwa” ni vitenzi vinavyoweza kuficha deni. Mahali pake pana vitenzi vya wazi: kutunga, kukusanya, kunukuu, kuandika kama nilivyosikia.

Sentensi ya pili niliyoitilia shaka katika rasimu hiyo ni “Mimi si mtaalamu; najaribu tu.” Aliyeiandika hakuitoa hewani. Unyenyekevu ni adabu ya zamani katika ushairi wetu. Watunzi wa tenzi walizoea kuziweka habari zao katika beti za mwisho: jina, asili, pengine tarehe, na pamoja na hayo ombi la kusamehewa makosa au kuombewa dua. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858, alijitaja hivyo mwishoni. Kwa hiyo wasifu wa mwandishi si jambo tuliloletewa na wachapishaji. Tulikuwa nao ndani ya shairi lenyewe, umepimwa kwa mizani.

Lakini tazama ulikokaa. Ulikaa mwishoni. Msikilizaji alikuwa amekwisha kusikia beti zote, amekwisha kuonja ustadi wa mtunzi, na hapo ndipo mtunzi anapoinamisha kichwa na kusema yeye ni dhaifu. Unyenyekevu huo ni pambo juu ya ustadi uliokwisha kuonekana. Jalada la nyuma ni kinyume chake. Msomaji hajasoma hata ubeti mmoja. Ukimwambia “mimi si mtaalamu, najaribu tu,” hana sababu ya kukubishia. Atakuamini na kurudisha kitabu kwenye rafu. Na kwa mwanamke hatari ni kubwa zaidi. Sentensi hiyo ikifuatwa na mume, watoto wanne na paka mvivu, mshairi aliyechapisha tangu mwaka 1998 anageuka mama wa nyumbani anayependa mashairi jioni baada ya kuosha vyombo. Hakuna mwanamume niliyemsoma nyuma ya diwani ya Kiswahili ambaye paka wake alitajwa. Nilimshauri unyenyekevu wake auhamishie kwenye shukrani, mwisho wa kitabu, kule ambako watunzi wa tenzi waliuweka.

Rasimu rasmi nayo ilikuwa na sentensi yake tupu: “kazi zake zinajadili masuala mbalimbali ya kijamii, kiuchumi na kiutamaduni.” Ipo njia rahisi ya kuipima sentensi ya namna hii. Funika jina la mwandishi, weka la mwandishi mwingine yeyote, kisha usome. Ikikubali bila kugoma, haimhusu mtu. Sentensi hii ingemkubali Shaaban Robert, ingemkubali mwanafunzi wa kidato cha pili, na ingemkubali hata mwandishi wa ripoti ya halmashauri. Sentensi ya bibi na kinu haimkubali mtu mwingine yeyote. Uzito wa maneno ulinitia shaka, lakini kilichoniamulia ni kwamba maneno mazito yale hayakuwa yamebeba mzigo.

Baada ya kuchagua habari tuliuliza swali la hadhira. Mwanafunzi wangu alikuwa akifikiria msomaji mmoja, kumbe walikuwa watatu. Wa kwanza ni mnunuzi na mwalimu mbele ya jalada. Wa pili ni majaji, kwa kuwa mchapishaji alikusudia kuipeleka diwani kushindania tuzo, na barua ya maombi ilihitaji wasifu. Wa tatu ni wageni wa siku ya uzinduzi, ambao hawatasoma kitu, watasikia.

Jaji anataka kinachohakikika: mwaka, idadi, mahali palipochapishwa, kazi ya ngapi, aina ya ushairi. Kwake stashahada haidhuru na ngonjera zinafaa. Habari ya bibi anaihitaji kuliko wote, kwa kuwa mashindano hutaka kazi iwe ya mshindani mwenyewe. Kwa jaji tuliandika hivi: “Mashairi mawili kati ya 64 ni ya bibi yake mzaa mama; aliyekusanya na kuyaandika ni mwandishi.” Hakuna kinu wala mchi. Kwa msikilizaji wa ukumbini habari hiyohiyo ilikuwa hivi: “Humu mna mashairi mawili ya bibi yake. Bibi hakuandika. Mjukuu ameandika.” Sikio halipendi “ambaye” mbili katika sentensi moja, na mshereheshaji anahitaji mahali pa kuvuta pumzi. Ukitaka kujua kama wasifu unasomeka hadharani, mpe mtu asiyeujua ausome mara moja bila maandalizi. Atakapojikwaa, hapo ndipo pa kukata.

Kwa jalada, ambalo linasomwa na watu wa kila namna, tulitulia kwenye andiko hili, ambalo halifiki maneno 100:

> Bi. Fulani binti Fulani alizaliwa Pangani mwaka 1973, akalelewa na bibi yake mzaa mama, mwanamke ambaye hakujua kusoma wala kuandika lakini aliyeimba kila alipotwanga. Pembeni mwa kinu ndipo mjukuu alipojifunza mizani kabla hajalijua neno lenyewe. Amefundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 28, na darasani kwake hakupiti wiki bila shairi. Tangu mwaka 1998 mashairi yake yamechapishwa magazetini na kusomwa redioni. Hiki ni kitabu chake cha kwanza. Kati ya mashairi 64 yaliyomo, mawili ni ya bibi yake, na ameyaandika kama alivyoyasikia. Mengine matano yamejengwa juu ya viitikio vya bibi huyo. Anaishi Tanga na familia yake.

Nafsi ni ya tatu, kutoka rasimu rasmi. Kinu ni cha rasimu ya bashasha. Kiambishi -ka- kimetumika mara moja tu. Cheti na stashahada vimebaki katika barua ya majaji. “Mshairi wa mapokeo” limeondoka kwa sababu neno mizani limeshasema hivyo kwa njia fupi zaidi. Watoto na mume wameingia katika neno familia, na paka amepumzika.

Kabla hajapeleka tuliwapa watu wawili wasome, mmoja baada ya mwingine, kisha tukawauliza baada ya saa moja wanakumbuka nini. Hatukuuliza kama wamependa. Swali hilo huzaa adabu, halizai jibu. Binti wa jirani, wa kidato cha pili, alikumbuka bibi, kinu na hesabu ya mapigo, ingawa mapigo hayakuwamo tena katika andiko: aliyaongeza mwenyewe. Mzee mmoja, mhasibu mstaafu, alikumbuka miaka 28 na mashairi mawili ya bibi, kisha akauliza jina la bibi.

Swali lake lilikuwa la haki kuliko yote tuliyojiuliza sisi wawili kwa siku kumi. Rasimu zilizomtaja bibi zilimtaja kwa ujamaa wake tu, na mtunzi ana jina. Andiko lililokwenda kiwandani lina jina hilo, baada ya maneno “bibi yake mzaa mama.” Lipo pia juu ya yale mashairi mawili, mahali ambapo jina la mtunzi hukaa.